Bibi ameandika siri kwenye komenti: namna ya kuiondoa na kumwonyesha tofauti

Bibi alipata arifa kwenye simu kwamba mjukuu wake ameweka picha ya mahafali Facebook. Akaigusa. Picha ikafunguka, na chini kabisa ya skrini pakawa na kisanduku cha kuandikia. Akaandika: "Hongera mjukuu wangu. Ufunguo nimeuacha chini ya chungu cha maua, kushoto kwa mlango. Ukifika ingia tu, mimi narudi Alhamisi." Akagusa kimshale cha kutuma, akatia simu mkobani, akaondoka zake safari.

Picha ile ilikuwa wazi kwa watu wote. Kwa hiyo kila aliyeiona aliweza kusoma ufunguo uko wapi na nyumba itabaki tupu mpaka lini.

Kabla ya kumcheka bibi, tazama skrini kama alivyoiona yeye. Kisanduku cha komenti na kisanduku cha meseji vyote hukaa chini, vyote vina kimshale cha kutumia. Juu yake kuna sura na jina la mjukuu. Kwa mtu aliyezoea barua, jina la mlengwa likishaandikwa, barua ni yake. Facebook haiendi hivyo. Ukimtaja mtu kwenye komenti, yeye hupewa arifa, lakini maneno yenyewe yanabaki pale pale ambapo wengine wanapita. Ni sawa na kumwita mtu kwa jina uwanjani: anageuka mmoja, wanasikia wote.

Hatua ya 1: Shughulikia kitu kilichotajwa, kisha maneno

Mjukuu alipoona komenti, alipiga simu kwanza.

"Shikamoo bibi. Ule ufunguo, kuna jirani wa kuutoa pale sasa hivi?"

"Marahaba. Kwani umejuaje habari za ufunguo, umeshafika?"

Huo ndio mpangilio sahihi. Kufuta hakumsahaulishi aliyekwisha kusoma, wala hakuondoi picha ya skrini aliyoipiga mtu. Ufunguo uhamishwe. Kama kilichoandikwa ni nywila, ibadilishwe. Kama ni namba ya siri ya benki, benki ipigiwe simu. Hapo ndipo urudi kwenye komenti.

Hatua ya 2: Futa, usihariri

Kwenye simu, bibi abonyeze komenti yake na kuishikilia mpaka orodha itokee, kisha achague Futa (simu iliyo kwa Kiingereza huandika Delete). Kwenye kompyuta, aguse vitone vitatu vilivyo kando ya komenti.

Wengi hapa hukimbilia kuhariri: wanaondoa sentensi ya ufunguo na kubakiza "Hongera". Inaonekana safi, lakini sivyo. Facebook huhifadhi historia ya mabadiliko ya komenti, na anayeweza kuiona komenti anaweza kuifungua historia hiyo akasoma maneno ya mwanzo. Hongera iandikwe upya baada ya kufuta.

Bibi akiwa safarini na simu imezima, mjukuu anaweza kuifuta mwenyewe kwa kuwa chapisho ni lake. Aangalie tu asichague kuificha. Komenti iliyofichwa huendelea kuonekana kwa aliyeiandika na marafiki zake, na marafiki za bibi ndio hasa wanaoijua nyumba yake.

Komenti ikifutwa, majibu yaliyo chini yake huondoka nayo. Kama mtu alinakili maneno ya bibi kwenye komenti yake mwenyewe, hiyo ni komenti nyingine, na lazima ifutwe peke yake. Barua pepe za arifa zilizokwisha kutumwa nazo hazirudi.

Hatua ya 3: Mfundishe kuangalia juu kabla ya kuandika

Usimwambie bibi "huku ni hadharani, kule ni faragha" ukaishia hapo. Hayo ni maneno. Anachohitaji ni mahali pa kutupia jicho.

Kwenye chapisho, karibu na muda lilipowekwa, kuna alama ndogo. Dunia maana yake ni watu wote, hata wasio marafiki. Vichwa vya watu ni marafiki. Kufuli ni mwenye chapisho peke yake. Komenti hufuata alama hiyo. Anayetoa komenti hana namna ya kuchagua nani aisome. Aliyechagua ni mwenye chapisho. Na anaweza kubadilisha mawazo: akilifungua kwa watu wote mwaka ujao, komenti zote za zamani zinafunguka pamoja nalo.

Kwenye Messenger, juu ya skrini kuna jina la mtu mnayezungumza naye, na chini yake ni maneno yenu tu. Hakuna picha yenye idadi ya walioipenda, hakuna majibu ya wageni. Ndiyo ishara rahisi kuliko zote: bibi akiona maneno ya watu asiowajua juu ya kisanduku, hapo si pa kuandika habari za ufunguo. Asisahau pia kwamba jina la juu linaweza kuwa la kundi. Kundi la familia halina alama ya dunia, lakini meseji moja inasomwa na wote waliomo, pamoja na mkwe aliyeongezwa jana.

Hatua ya 4: Mfanyie jaribio kwa simu tatu

Maelezo husahaulika, jaribio hukaa. Inatosha kuwa na simu ya bibi, ya mjukuu na ya mjomba, wote wakiwa marafiki Facebook. Huchukua kama dakika kumi.

Mjukuu aweke chapisho lisilo na maana yoyote, na katika kuchagua wasomaji amchague bibi peke yake. Bibi aandike komenti: "Leo nimevaa viatu vyekundu." Mjomba afungue ukurasa wa mjukuu, haoni kitu. Kufikia hapo bibi atasema, na ana haki, kwamba komenti basi ni siri.

Sasa mjukuu abadilishe wasomaji kuwa marafiki wote, bila bibi kugusa chochote. Mjomba afungue ukurasa upya, asome kwa sauti habari za viatu vyekundu. Hapa usieleze kitu, mwache bibi aulize. Kwa kawaida swali ni moja: "Mbona mimi sikumtumia?" Jibu lake ni kwamba hakumtumia mtu yeyote, alibandika kwenye ukuta wa mjukuu, na mwenye ukuta amefungua mlango.

Kisha bibi aguse jina la mjukuu, aingie ukurasani kwake, aguse kitufe cha Messenger, aandike maneno yale yale na kutuma. Mjomba atafute kwenye simu yake kadiri apendavyo. Hata mjukuu abadilishe wasomaji mara ngapi, kwake hakifiki kitu.

Mkimaliza, futeni chapisho la majaribio. Bado simu iko mkononi mwa bibi, afungue kumbukumbu ya shughuli (Activity log) na kuangalia sehemu ya komenti. Komenti zake zimeorodheshwa humo, na kama huu si ufunguo wa kwanza kuutangaza, atauona.