Somo: Kuiweka ripoti ya COT nyuma ya chati ya kahawa

Nimechagua kahawa kwa sababu bei ya New York ndiyo kioo ambacho wanunuzi wetu hujitazama kabla ya mnada wa Jumanne hapa Nairobi. Pia niliungua nayo. Mwaka 2024 niliona mameneja wa fedha wamejaa upande wa kununua, nikaamua bei haina pa kwenda ila chini, nikauza. Stopu ikaliwa. Nikauza tena, ikaliwa tena. Bei iliendelea kupanda mwaka mzima, na Februari 2025 ikavuka senti 400 kwa ratili. Ripoti haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake.

Kazi yake ni kutueleza nani ameshika nini, ili tukifika kwenye kiwango tulichochora tujue tukikute na shaka kiasi gani. Siku ya kuingia tunaiachia chati.

Hatua ya kwanza: jua umri wa namba unazosoma

Ripoti inaitwa Commitments of Traders na hutolewa na CFTC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya fyucha. Namba ni za Jumanne soko lilipofunga, lakini hutoka Ijumaa. Kwa saa zetu ni saa nne na nusu usiku Marekani wakiwa kwenye majira ya joto, na saa tano na nusu wakiwa kwenye baridi. Kahawa ya New York huwa imefunga saa mbili kabla. Kwa hiyo unachosoma Ijumaa usiku unaweza kukitumia Jumatatu, siku sita tangu namba zichukuliwe. Katika siku hizo mvua inaweza kunyesha Minas Gerais, kwenye mashamba ya kahawa ya Brazili, na nusu ya watu waliohesabiwa wakawa wameshatoka.

Ukiweka namba hizi kwenye chati, ziweke kwenye Ijumaa zilipotoka. Faili huja na tarehe ya Jumanne, na ukiipachika hivyo utajiona mjanja sana ukirudi kupima zamani, maana utakuwa unatumia habari ambayo siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa nayo.

Hatua ya pili: chukua faili sahihi

Kwa bidhaa, acha ile ripoti ya zamani inayogawa watu makundi mawili makubwa tu. Chukua iliyoandikwa "Disaggregated", inayochapishwa tangu 2009 na yenye data za kurudi nyuma hadi 2006. Kwenye tovuti ya CFTC nenda "Historical Compressed", shusha miaka minne ya karibuni, kisha chuja mstari wa `COFFEE C - ICE FUTURES U.S.` Hiyo ni arabika. Robusta huuzwa London na ina ripoti yake.

Safu tatu zinatosha: `Open_Interest_All`, `M_Money_Positions_Long_All` na `M_Money_Positions_Short_All`. Ya kwanza ni mikataba yote iliyo wazi sokoni. Mbili za mwisho ni za mameneja wa fedha, yaani mifuko inayocheza na bei bila kutaka gunia hata moja. Toa mikataba ya kuuza kwenye ile ya kununua, upate salio lao.

Hatua ya tatu: pima salio dhidi ya historia yake

Salio la mikataba 48,000 peke yake halisemi kitu. Tunauliza liko wapi kati ya la chini kabisa na la juu kabisa kwa wiki 156, yaani miaka mitatu. Panga faili kuanzia wiki ya zamani kwenda ya karibuni (huja kinyume, na hapa wengi hujikwaa), weka salio kwenye safu D kuanzia mstari wa 2, kisha andika hii kwenye mstari wa 157 na uiburute hadi wiki ya mwisho:

```
=(D157-MIN(D2:D157))/(MAX(D2:D157)-MIN(D2:D157))*100
```

Jibu ni kati ya 0 na 100. Mimi hushtuka juu ya 80 na chini ya 20. Katikati huko siandiki hata maoni, nafunga kompyuta nalala.

Hatua ya nne: chora viwango kwanza, ripoti baadaye

Chati ya wiki, mistari miwili au mitatu, ichorwe kabla hujafungua ripoti. Ukianza na ripoti, jicho litatafuta mstari unaokubaliana nayo, na utaupata.

Angalia pia kama mstari wako ni wa kweli. Kahawa ina mikataba ya Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba, na chati endelevu huunganisha mmoja na mwingine. Mei ikiwa rahisi kuliko Machi, siku ya kuhama chati itaonyesha shimo ambalo hakuna mtu aliyeuza wala kununua ndani yake. Ukiona dari au sakafu imezaliwa hapo, fungua chati ya mkataba wenyewe uhakikishe.

Mfano, mwanzo hadi mwisho

Namba hizi nimezitunga kwa mazoezi, si za wiki yoyote. Bei imegonga dari ya senti 320 mara mbili ikarudi, na sakafu iko 280. Sasa iko 317. Mameneja wana mikataba 62,000 ya kununua na 14,000 ya kuuza, salio 48,000. Kwa miaka mitatu salio la juu lilikuwa 60,000 na la chini lilikuwa hasi 20,000. Kipimo kinatoa 85.

Wamejaa, basi. Hapo ndipo mimi wa 2024 ningeuza. Sasa hivi ninachofanya ni kutazama wiki iliyotangulia, ambapo salio lilikuwa 52,000. Limepungua 4,000, lakini kwa njia gani? Kama mikataba ya kununua ilikuwa 66,000 na ya kuuza 14,000, basi wenye faida wanachukua chao na kuondoka. Kama ya kununua imebaki 62,000 huku ya kuuza ikipanda kutoka 10,000 hadi 14,000, hakuna aliyekimbia: wameingia wauzaji wapya wanaobisha dari haitapita. Salio ni lile lile, lakini hadithi ni mbili tofauti. Dari ikivunjika, wauzaji hao wapya watalazimika kununua ili watoke, na bei itasukumwa juu zaidi. Wale wenye faida waliokwisha kuondoka hawana deni lolote la kurudi.

Tuseme ni hadithi ya kwanza, na mikataba iliyo wazi sokoni nayo imepungua. Basi naamua hivi kabla ya Jumatatu. Sinunui bei ikichungulia tu juu ya 320; nasubiri wiki ifunge juu yake. Nikinunua, nanunua nusu ya kawaida yangu. Na wiki ikifunga chini ya 280, sifikirii kununua "kwa bei nafuu", kwa sababu chini ya sakafu hiyo kuna mikataba 62,000 ya watu wanaotafuta mlango mmoja. Kipimo kingekuwa 40, viwango ni vile vile, ila ningenunua ukubwa kamili na mshumaa wa siku ungenitosha.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Rongai:* Mwalimu, naona wazalishaji na wafanyabiashara wako upande wa kuuza karibu kila wiki. Si hao ndio wanaoijua kahawa? Kwa nini tusiwafuate?

Ndugu yangu, wanauza kwa sababu wana kahawa. Chukua msafirishaji wa hapa aliyenunua mnadani Jumanne na mteja wake Ulaya bado hajapanga bei. Mkataba mmoja wa New York ni ratili 37,500, kama magunia 283 ya kilo 60. Anauza mkataba ili bei ikianguka kabla hajauza magunia, hasara ya ghalani ifidiwe na faida ya fyucha. Ripoti inamhesabu kama muuzaji, lakini hajasema bei itashuka. Bei ikipanda atapata hasara kwenye fyucha na faida kwenye magunia, na atalala vizuri tu. Wewe huna magunia.

*Kutoka Umoja:* Mkuu, bei ilipokuwa juu ya 400, je, kipimo cha miaka mitatu bado kilikuwa na maana?

Swali zuri, na hapa ndipo kipimo kinapochechemea. Kwa senti 200, mkataba mmoja una thamani ya dola 75,000. Kwa senti 400 ni dola 150,000, na dhamana inayodaiwa hupanda pia. Mfuko wenye pesa zile zile unaweza kushika nusu tu ya mikataba. Kwa hiyo kipimo kinaweza kushuka hadi 60 ukadhani wamepunguza imani, kumbe pesa iliyo mezani ni ile ile. Bei ikishabadilika hivyo, zidisha salio kwa bei ya Jumanne hiyo na kwa 375, upate dola, kisha pima dola badala ya mikataba.

*Kutoka Kayole:* Mimi niko kwenye dhahabu. Inafanya kazi huko?

Inafanya, ila dhahabu ina tabia yake: mameneja huwa upande wa kununua muda mwingi, kwa hiyo wiki chache wanapogeuka kuwa wauzaji ndizo za kutazama. Mwaka 2018 waligeuka hivyo. Dhahabu iligusa chini karibu na dola 1,160 katikati ya Agosti, kisha ikakaa ikizunguka 1,200 hadi Oktoba, huku ripoti ikirudia wiki baada ya wiki kwamba wauzaji wamejaa. Ilipofika tarehe 11 Oktoba bei ikaruka zaidi ya asilimia 2 kwa siku moja na kutoka kwenye boksi. Aliyenunua kwa ripoti peke yake alisubiri karibu miezi miwili. Aliyesubiri juu ya boksi ivunjwe aliingia siku hiyo, na ripoti ilikuwa imeshamwambia kuna wauzaji wengi wa kulazimika kununua.

*Kutoka Rongai tena:* Na Ijumaa ambayo ripoti haikutoka?

Hutokea. Serikali ya Marekani ikifungwa, ripoti husimama, kama mwishoni mwa 2018 na tena Oktoba 2025. Mapema 2023 zilichelewa kwa sababu ya shambulio la mtandao kwa kampuni inayochakata biashara za mawakala. Zikirudi huja kwa mafungu, za wiki za nyuma zikitangulia, kwa hiyo soma tarehe kwenye safu kabla ya kusoma salio. Mimi hapo naacha safu wazi, siijazi kwa kukisia, na natumia ukubwa wa nusu hadi zifike za wiki hiyo hiyo.