Wasifu wa kocha wa mazoezi: vyeti, maendeleo ya wateja na maneno ya kufuta

Dogo mmoja anayefundisha jimu jirani na yetu, Sinza, aliniletea simu yake nimsaidie kurekebisha wasifu. Ulisomeka hivi: "Kocha wa kimataifa. Nina vyeti vya ACE, NASM na lishe. Natibu presha, sukari na mgongo. Punguza kilo 15 kwa siku 30, uhakika 100%." Alikuwa anatafuta wateja wa maofisini, na mmoja wao alikuwa amemuuliza cheti chake kinathibitishwaje. Tukaufumua wote na kuushona upya. Nawawekea hatua tulizopita kwa kuwa nawaona makocha wengi wakiandika vilevile.

Hatua ya 1: Vyeti vyote mezani

Toa kila karatasi uliyonayo, kisha uzigawe mafungu matatu. La kwanza ni vyeti vya taaluma, vile ulivyofanyia mtihani, kama vya mashirika ya Marekani ya ACE, NASM au NSCA. La pili ni huduma ya kwanza na CPR, yaani kumfufua mtu ambaye moyo umesimama. La tatu ni semina na kozi fupi, ambako cheti kinasema ulihudhuria tu. Fungu la tatu ndilo linalopotosha zaidi. Dogo alikuwa na karatasi ya semina ya lishe ya siku mbili, akaiandika "cheti cha lishe". Msomaji akiona hivyo anadhani anaongea na mtaalamu wa lishe. Andika "nimehudhuria semina ya lishe ya siku mbili" au iache kabisa. Mimi ningeiacha.

Halafu angalia tarehe. Cheti cha ACE au NASM huhuishwa kila baada ya miaka miwili, kwa kuonyesha masomo ya ziada. Kilichopitwa na muda hakiandikwi "nina". NASM ya dogo ilikuwa imeisha, kwa hiyo ikatoka, ikabaki ACE. Kama bado unasoma, andika "nasomea", na mtihani uliousajili usiuite cheti.

Jina uandike kama lilivyo kwenye cheti. Mashirika haya yana ukurasa wa mtandaoni ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la kocha na kuona kama cheti kiko hai. Ukijiita Coach Simba na cheti kinasema jina la ubatizo, mteja atatafuta asikuone.

"Kimataifa" tulilifuta. Shirika ni la Marekani, kocha ni wa Sinza.

Hatua ya 2: Futa vitenzi vya daktari

Pitia wasifu na utafute maneno haya: natibu, naponya, naondoa, namaliza, nazuia. Likifuatiwa na jina la ugonjwa au maumivu, linatoka. Usilipunguze makali kwa "nasaidia kutibu". Ni lilelile limevaa kanzu.

Sababu yangu ni ya kazini kuliko ya kisheria. Ni kweli kwamba mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kushusha presha kiasi na kuusaidia mwili kutumia sukari vizuri zaidi. Lakini mtu anayesoma "natibu presha" anaweza kuona hana haja tena ya vidonge. Na hao wanaotumia dawa ndio wanaohitaji kocha anayejua mipaka yake. Baadhi ya dawa za presha, zile za kundi la beta-blocker, huzuia mapigo ya moyo yasipande kama kawaida, kwa hiyo ukimwambia mteja akimbie mpaka mapigo yafike 150 utamuumiza bure. Anayechoma insulini sukari yake inaweza kushuka ghafla katikati ya mazoezi au saa kadhaa baadaye. Ukiyajua haya, hutaandika kwamba unatibu. Utaandika hivi: "Nafundisha pia watu wenye presha au sukari walioruhusiwa na daktari wao, na naomba kujua dawa wanazotumia kabla ya kuanza."

Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "natibu presha", lakini inamwonyesha mteja kwamba unajua unachokigusa. Kwa mgongo tuliandika kwamba maumivu yanayoshuka mguuni au yanayoleta ganzi anaanzia hospitali, si kwetu.

Hatua ya 3: Maendeleo ya wateja

Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia, na ndipo wasifu mwingi unapoharibika.

Tuanze na kilo 15 kwa siku 30. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700. Kilo 15 ni kalori 115,500, na ukizigawa kwa siku 30 unapata upungufu wa kalori 3,850 kila siku. Watu wengi mwili wao hauchomi kiasi hicho kwa siku nzima, hivyo hata mteja akikaa mwezi mzima bila kula hatafikisha kilo 15 za mafuta. Mizani inaweza kushuka haraka wiki ya kwanza, lakini sehemu kubwa hapo ni maji: kila gramu ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli hukaa na gramu kama tatu za maji, na mtu akipunguza ugali na wali ghafla yote hayo yanatoka. Akirudia kula kama zamani yanarudi. Ukitangaza kilo za wiki ya kwanza unatangaza maji.

Dogo akaniambia, "Kaka, nakuelewa, lakini wateja wanataka kilo." Kweli wanazitaka. Nikamwambia aniletee daftari tuangalie kilichopo.

Tulimchukua mteja mmoja aliyekuwa na kumbukumbu nzuri, mwanamke wa miaka ya arobaini. Alipoanza alikuwa na kilo 88 na kiuno cha sentimita 104. Baada ya wiki 16 alikuwa na kilo 84 na kiuno cha 98. Kwenye jaribio la kukaa na kusimama kitini kwa sekunde 30, bila kushika kitu, alitoka mara 11 akafika 17. Dogo alitaka kuruka kilo kwa kuwa nne zinaonekana haba. Mimi nilitaka zibaki, kwa sababu zikikaa pamoja na kiuno na kiti zinaeleza jambo ambalo mizani peke yake haielezi.

Lakini namba haina thamani kama haikupimwa namna moja mwanzo na mwisho. Kiuno tunakipima kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kawaida, tepu ikigusa ngozi bila kuibana. Pima mara mbili. Ukipima mara ya kwanza kitovuni na mara ya pili juu kidogo, utajipatia sentimita ambazo mteja hakuzitolea jasho. Kiti kiwe kilekile. Uzito upimwe asubuhi, kwa mizani ileile, maana uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au zaidi ndani ya siku bila mafuta kubadilika. Zile mizani za umeme zinazodai kusoma asilimia ya mafuta mimi sizitumii kwenye wasifu hata kidogo. Zinapitisha umeme mdogo mwilini na kukisia, na jibu linabadilika kufuatana na maji aliyokunywa mtu. Kocha akiniandikia "mafuta yameshuka 6.3%" namuuliza alikunywa nini kabla ya kupanda.

Halafu kuna yale usiyoyafanya wewe. Mteja huyu alihudhuria vipindi 26 kati ya 32, lakini pia aliacha soda na kuanza kushuka daladala kituo kimoja kabla ili atembee. Hayo yanaandikwa. Ukiyaficha, anayekuja baada yake atafanya vipindi vyako viwili kwa wiki, ataendelea na soda zake, kisha atakuja kukudai.

Jambo la mwisho kwenye daftari lilikuwa gumu kumeza. Wateja 14 walianza pamoja, 9 wakafika wiki ya 12. Ukimtoa bora mmoja ukamweka mbele, msomaji anaamini ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Basi weka na idadi: wangapi walianza, wangapi walifika. Kama hutaki kuiandika, usimtumie huyo mmoja kama mfano.

Picha za kabla na baada siweki. Taa, mkao, tumbo lililovutwa ndani na nguo vinatosha kumbadilisha mtu ndani ya dakika kumi. Ukilazimika, iwe sehemu ileile, saa ileile, mkao uleule, na tarehe zionekane.

Na ridhaa. Kwa sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Kenya nao wana sheria yao ya 2019. Mtumie mteja sentensi yenyewe kama itakavyosomeka, ajibu kwa maandishi, na ajue anaweza kusema iondolewe. Kuficha jina hakutoshi. Dogo aliandika "mama mwenye duka la vitenge hapa mtaani", na duka la vitenge pale mtaani ni moja. Tukabakiza umri tu.

Hatua ya 4: Uandike mara mbili

Andika kwanza ule mrefu, kwenye sehemu ya kuandikia maelezo ya simu, si ndani ya programu inayotengeneza mabango. Mabango yanakulazimisha kuandika maneno makubwa. Maendeleo yalitoka hivi:

"Mteja mmoja wa miaka ya arobaini, vipindi viwili kwa wiki kwa wiki 16 (alihudhuria 26 kati ya 32), pamoja na kutembea na kuacha soda: kiuno sm 104 hadi 98, uzito kilo 88 hadi 84, kusimama kitini kwa sekunde 30 mara 11 hadi 17. Kati ya watu 14 walioanza pamoja, 9 walifika wiki ya 12. Matokeo yako yatategemea unapoanzia na unavyohudhuria. Limechapishwa kwa ridhaa yake."

Kisha ule mfupi. Instagram inakupa herufi 150, nafasi zikihesabiwa, kwa hiyo maendeleo hayaingii. Usiyabane, yaweke kwenye chapisho lililobandikwa juu. Wa dogo ukawa:

"Kocha wa mazoezi, Sinza. ACE-CPT hadi 2027. CPR. Nguvu na pumzi kwa wanaoanza baada ya 40. Una presha au sukari? Njoo na ruhusa ya daktari."

Hatua ya 5: Tarehe na ujumbe

Weka kikumbusho cha simu miezi miwili kabla cheti hakijaisha, na kingine cha kadi ya CPR. Siku cheti kinapoisha, mstari wake unatoka siku hiyohiyo.

Wasifu safi unaweza kuharibiwa kwenye ujumbe, kwa hiyo andaa jibu mapema. Siku mbili baadaye mtu alimuuliza dogo, "Mnaondoa presha?" Akanakili tulichokuwa tumekiandaa: "Hapana, hilo ni la daktari wako, na dawa usiache. Akikuruhusu kufanya mazoezi, niambie unatumia dawa gani na mara ya mwisho presha ilisomaje, tupange siku ya kuanza taratibu."