Mbwa anayepanda miguu ya watoto na wageni: namna ya kumwachisha bila fimbo

Mwenye mbwa wa aina hii hakuelezi shida yake getini. Anakukaribisha, anakuletea maji, mnaulizana habari za nyumbani, kisha anashusha sauti. Mama mmoja wa Gungu, hapa Kigoma, alisubiri mpaka wajukuu wametoka nje ndipo akaniambia: "Daktari, huyu mbwa ananiaibisha. Mgeni akiingia anamkumbatia mguu na kuanza mambo yake. Mjukuu wangu wa darasa la pili ndiye usiseme, anaogopa hata kwenda msalani."

Mbwa mwenyewe ni Tomi, dume wa miezi 14, hajahasiwa, mwili wa wastani. Nitamtumia yeye kueleza kazi yote, kwa sababu nyumba nyingi ninazoitwa zina Tomi wao.

Kwanza, ana maana gani

Mama aliambiwa na majirani kwamba mbwa anataka ubabe, apigwe mpaka ajue nani mkubwa. Sikubaliani na hilo. Majike hupanda. Watoto wa mbwa wa wiki chache tu hupandana wakicheza, hawajui hata kuzaa ni nini. Waliohasiwa hupanda, na wengine hupanda mto au ndoo iliyolala. Ndoo haina ukubwa wa kugombewa.

Kuzaa ni sababu mojawapo, na dume akisikia harufu ya jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, huwezi kumlaumu. Lakini anapopanda miguu ya watu, mara nyingi kinachomsukuma ni msisimko uliomzidi. Furaha kubwa, mchezo wa kukimbizana, mgeni asiyemjua, hata hofu, vyote vinamjaza mwilini na hajui pa kuvipeleka. Baadaye anagundua kwamba akipanda, nyumba nzima inamgeukia kwa kelele. Kwa mbwa aliyeshinda peke yake bandani, hata kelele ni mazungumzo.

Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa

Mlaze ubavu mkiwa wawili, mmoja ashike kichwa, umtazame sehemu za siri. Mbwa anayejilamba huko kila wakati, anayekojoa kidogokidogo mara nyingi, au anayedondosha damu, hana shida ya adabu. Anaumwa. Kwa mbwa wanaozurura mitaani kuna uvimbe unaoambukizwa wakati wa kupandana na hata kwa kunusana na kulambana. Ukiuona unafanana na koliflawa, laini, unavuja damu ukiguswa. Huo unatibika vizuri kwa sindano za vinkristini zinazochomwa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo peke yake, kwa kuwa dawa ni kali hata kwa anayeichoma.

Jambo jingine la haraka: uume ukitoka nje na kukaa bila kurudi, usingoje kesho. Ulowanishe kwa maji safi ya baridi, upake jeli isiyo na manukato, mzuie asijilambe, umpeleke saa hiyohiyo. Ukikauka au kuvimba unaweza kuoza.

Tomi hakuwa na lolote kati ya haya.

Hatua ya 2: Daftari la siku 7

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo jibu lilipo. Chukua daftari la shule. Kila anapopanda, andika saa, alimpanda nani, na kilichotokea dakika moja kabla. Usimrekebishe kwa namna mpya wiki hiyo, mwondoe tu kimyakimya na uandike.

Daftari la mama lilikuwa na matukio 12. Matatu yalikuwa wageni wakiingia getini. Moja halikuwa na sababu tuliyoiona. Manane yote yaliyobaki yalitokea kati ya saa 11 na saa 12 jioni, na katika manane hayo, sita yalimpata mjukuu yuleyule.

Nikamuuliza, "Mama, saa 11 kunakuwa na nini?" Akanijibu bila kuwaza, "Ndiyo saa tunamfungulia." Tomi alikuwa akifungiwa bandani tangu saa 12 asubuhi, kama mbwa wengi wa ulinzi wanavyofungwa hapa mjini, na anafunguliwa wakati watoto wamerudi shule na wako uwanjani wanakimbiza mpira. Saa 11 za kukaa kwenye banda, kisha mlango unafunguliwa katikati ya makelele. Mjukuu yule mdogo ndiye aliyekuwa akipiga ukelele na kukimbia, na kwa mbwa hiyo ni kama kuitwa.

Hatua ya 3: Badilisha saa kabla ya kubadilisha mbwa

Tulianza na ratiba. Saa 12 asubuhi, kabla ya kufungiwa, Tomi alitembezwa nusu saa kwa kamba na kijana wa nyumbani, akiachwa anuse anachotaka. Kunusa kunamchosha mbwa kwa utulivu kuliko kukimbia. Jioni akawa anafunguliwa saa 10, kabla watoto hawajaingia uwanjani, azunguke, akojoe, anywe maji. Watoto wanapoanza mpira anakuwa amekwisha tulia.

Ratiba peke yake ilipunguza matukio kabla hatujamfundisha chochote. Kama nyumba yako haiwezi jambo jingine lolote katika mwongozo huu, fanya hili.

Hatua ya 4: Mfundishe mahali pa kwenda

Kumwambia mbwa "acha" hakumwambii afanye nini. Mpe kazi nyingine ambayo haiwezi kufanyika pamoja na kupanda. Mimi hutumia gunia la katani lililokunjwa, kwa sababu lipo kila nyumba na linabebeka.

Nunua dagaa wakavu wasio na chumvi, wa Kibirizi wanafaa kabisa, uwakate vipande viwili viwili. Tandika gunia. Tupa kipande juu yake, mbwa akikanyaga gunia sema "gunia" kwa sauti ya kawaida, umwongeze kipande kingine akiwa bado juu. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni, uwanja ukiwa kimya. Siku ya tatu au ya nne utaona anakwenda mwenyewe ukilitandika tu. Hapo anza kuchelewesha dagaa: hesabu mpaka 3, kesho mpaka 10, mpaka alale.

Kisha ongeza vishawishi kimoja kimoja. Mtu agonge geti bila kuingia. Aingie akitembea. Mtoto apite akitembea. Mtoto apite na mpira mkononi. Mtoto akimbie, hilo ni la mwisho. Ukiona mbwa anaacha gunia mara mbili mfululizo, umeharakisha, rudi ngazi moja nyuma. Mama alitaka kuruka kutoka geti mpaka mpira siku moja, ikabidi aanze upya kwa siku mbili.

Hatua ya 5: Shika sekunde mbili za mwanzo

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni jioni moja nikimtazama Tomi. Mjukuu aliingia na begi mgongoni. Tomi alimjia akihema, ulimi nje, mkia unapepea. Alipomfikia, mdomo ukafumba ghafla. Mkia ukasimama juu, ukawa mgumu. Akaegemeza kifua kwenye paja la mtoto, akainua mguu mmoja wa mbele. Hapo ndipo pa kumwita. Mguu wa pili ukishapanda umechelewa.

Kila mbwa ana dalili zake, wengine huweka kidevu mgongoni mwa mwenzao, lakini ule mdomo unaofumba na mwili unaokakamaa nimeuona kwa wengi. Ukiona dalili, sema "gunia", usogee wewe mwenyewe kuelekea huko. Akija, mpe dagaa na umwache atulie dakika mbili.

Kwa wiki za mwanzo mvalishe mkanda wa shingoni wenye kamba nyepesi ya mita 2 inayoburuzika, isiyo na fundo mwishoni ili isinase. Akishapanda, okota kamba, tembea naye mpaka kwenye gunia bila kumvuta kwa nguvu, bila neno. Usimsukume kifuani kwa mikono, anaona ni mieleka. Kamba hiyo aivae ukiwepo tu.

Mtoto naye afundishwe: akiona Tomi anakuja, asimame kama mti, mikono kifuani, asipige kelele, amwite mtu mzima. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa mwenye tabia hii. Anaweza kuangushwa na kukwaruzwa, na mbwa anayeng'ang'ania akiondolewa vibaya anaweza kuuma.

Fimbo naikataa kwa sababu hii hasa. Mbwa anayepigwa mtoto akiwa karibu hajui kosa ni kupanda. Anajifunza kwamba huyo mtoto akija, maumivu huja. Nimeitwa nyumba ambayo kupanda kuliisha na kunguruma kukaanza.

Kuhasi

Mama aliniuliza kama kuhasi kungemaliza yote. Kuhasi kunapunguza kupanda kwa madume wengi, si wote, na kuzurura kutafuta majike kunapungua vizuri zaidi. Homoni hushuka ndani ya siku chache, lakini mazoea hubaki wiki kadhaa au zaidi, na mbwa mwenye kiwewe au aliyezoea kupata kelele za watu haponi kwa kisu. Pia mtenge na majike kwa takriban mwezi mmoja baada ya upasuaji, mbegu zilizobaki zinaweza kutunga mimba. Nilimshauri mama amhasi, ila tumalize mafunzo kwanza, na alikubali.

Kabla hatujafika huko, wiki ya tano, jike wa jirani aliingia kwenye joto. Tomi akarudia kupanda, akaacha kula, akachimba chini ya uzio. Mama alidhani kazi imeharibika. Haikuwa hivyo. Joto la jike huchukua wiki 3 hivi na huja kama mara mbili kwa mwaka. Tulimtembeza upande mwingine wa mtaa, tukaziba uzio, tukarudi kwenye ngazi ya geti bila watoto. Na ikitokea dume wako ameshanasana na jike, wakataze watoto kurusha mawe na maji. Wanaachana wenyewe, kwa kawaida kati ya dakika 5 na 30, na ukiwavuta unawaumiza wote wawili.

Daftari la wiki ya nane lilikuwa na tukio 1, siku ya wageni wengi. Gunia la kwanza lilikuwa limechanika. Mama alitandika jipya, Tomi akalinusa akapita. Akakata kipande cha lile la zamani, akakishonea juu ya jipya, na jioni ileile Tomi akalala juu yake geti likigongwa.