Jinsi ya kuomba fedha za kuzuia kasoro katika kiwanda cha nguo

Ukiomba sindano mpya na siku ya mafunzo bila hesabu, mhasibu atakwambia subiri. Ambatisha ripoti ya gharama za ubora ya oda moja iliyokwisha kufungwa.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi. Chukua ripoti za ukaguzi, kadi za muda za meza ya marekebisho, hati za stoo na barua za makato ya mnunuzi.

Hatua ya 2: Panga gharama za ubora katika mafungu manne. Mafunzo ya washonaji na matengenezo ya mashine yaliyopangwa ni kinga. Kukagua kitambaa, laini ya kushona na bidhaa iliyokamilika ni upimaji. Kasoro iliyoonekana kabla mzigo haujamfikia mnunuzi ni hasara ya ndani. Iliyoonekana baada ya hapo, yaani makato na nguo zilizorudishwa, ni hasara ya nje.

Wengi hukosea kwenye ukaguzi wa marudio. Mkaguzi ni yuleyule na meza ni ileile, kwa hiyo wanauandika kama upimaji. Lakini usingefanyika kama nguo zingekuwa nzima. Uweke kwenye hasara ya ndani.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuchukue oda ya fulana 3,000 za kola. Kwa AQL 2.5, yaani kikomo cha kasoro kinachokubalika, na kiwango cha kawaida cha ukaguzi cha II, mkaguzi huchukua sampuli ya fulana 125. Kasoro 7 zinapita, 8 zinakataliwa. Zimepatikana 11, na 9 kati yake ni mishono iliyoruka kwenye kola. Mzigo umekataliwa.

Fulana zote 3,000 zimekaguliwa upya, dakika moja kila moja: saa 50. Fulana 160 za mishono iliyoruka zimefumuliwa na kushonwa tena, dakika sita kila moja: saa 16. Kwa shilingi 150 kwa saa, hizo saa 66 ni shilingi 9,900. Ongeza ada ya mkaguzi wa mnunuzi kurudi, tuseme shilingi 15,000, jumla 24,900. Angalia kwamba kushona upya kwenyewe ndiko kulikogharimu kidogo zaidi.

Saa 50 zote unaweza kuzidai kwa mishono hiyo, kwa sababu kasoro 2 zilizobaki zisingekataza mzigo.

Hatua ya 4: Andika ombi. Taja chanzo alichothibitisha fundi wa mashine: sindano iliyopinda au butu, au kishika uzi kilichopoteza mpangilio wake na sindano. Omba kitu kinacholingana nacho, kwa mfano sindano za ncha ya mviringo zinazofaa kitambaa cha kufumwa kinachovutika kama cha fulana, zinazobadilishwa kila zamu, na bei yake.

Tenga saa za ziada na saa za kawaida. Mhasibu atauliza, na ana haki: mshahara wa saa za kawaida ungelipwa hata bila kasoro. Saa za ziada na ada ya mkaguzi ni pesa iliyotoka mfukoni, kwa hiyo zianzie juu ya ukurasa.