Jinsi ya kupata kalori zinazokutosha kwa siku bila kunenepa wala kupungua

Fomula za mtandaoni hukisia tu kwa kutazama umri, urefu na uzito. Jibu lako halisi limo kwenye mizani ya bafuni na daftari la chakula, ukivumilia wiki 5.

Kama umebadilisha mlo juzi, subiri kwanza wiki moja. Mtu akipunguza wanga au chumvi, maji hutoka haraka na mizani hushuka hata kilo mbili. Ukiyahesabu kama mafuta, hesabu yote itaharibika.

Kisha jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kunywa chochote. Usihangaike na namba ya siku moja, kwani pilau na samaki wa chumvi wa jana vinatosha kuipandisha. Chukua wastani wa siku 7. Kwa wanawake, wiki ya 1 na ya 5 zina faida nyingine: zimeachana siku 28, kwa hiyo mara nyingi huangukia sehemu ileile ya mzunguko wa hedhi.

Chakula ndicho huwashinda wengi, hasa cha sufuria moja. Pima unga mkavu: gramu 500 za unga wa mahindi ni kama kalori 1,800. Ugali ukiiva, pima sufuria na utoe uzito wa sufuria tupu. Ukipata gramu 1,500, kila gramu ina kalori 1.2, na sahani ya gramu 350 ina 420. Ukiiandika sahani hiyo kana kwamba ni unga mkavu, utapata 1,260! Mafuta ya kukaangia nayo yaandikwe: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi.

Sasa piga hesabu. Tuseme wastani wa wiki ya 1 ni kilo 74.6, wa wiki ya 5 ni 73.7, na mlo ulikuwa wastani wa kalori 1,950 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa kalori 7,700.

```
74.6 - 73.7 = 0.9
0.9 x 7700 / 28 = 247.5
1950 + 247.5 = 2197.5
```

Yaani 2,200 hivi. Uzito ungepanda, ungetoa badala ya kujumlisha.

Usiishike namba hiyo kwa ukali. Maji yakipotosha wastani kwa kilo 0.3 tu, jibu huhama kwa kalori 80 hivi. Na ukiwa na mazoea ya kusahau chai ya maziwa, 2,200 ni namba ya daftari lako, si ya mwili wako. Itakufaa mradi uendelee kuisahau vilevile. Siku ulizoacha kuandika kabisa, mara nyingi za harusi, zikadirie kwa juu. Ukiziruka, wastani wa mlo utashuka na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli.