Semina ya Dakika Kumi: Kuandaa Slaidi na Kuwasilisha Mada ya Kuvuja Damu Baada ya Kujifungua

Mada anayopewa mwanafunzi wa uuguzi huwa pana. "Kuvuja damu baada ya kujifungua," basi. Wengi huipanga kama sura ya kitabu: maana, aina, visababishi, vihatarishi, dalili, matibabu, madhara. Dakika ya nane inawakuta bado kwenye vihatarishi, na matibabu, ambayo ndiyo wenzao watayahitaji usiku wakiwa zamu, yanasomwa mbiombio. Mimi hufundisha wanafunzi wapange kwa njia nyingine, na nitaipitisha mada hii hii mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja kabla ya kufungua kompyuta

Jiulize: msikilizaji akisahau yote, abaki na nini? Kwa mada yetu nimechagua hii:

*Mama akipoteza mililita 300 za damu na mapigo yake yakapita 100 kwa dakika, anza matibabu, usisubiri 500.*

Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba aliyejifungua kwa njia ya kawaida anahesabiwa kuvuja damu kupita kiasi akifikisha mililita 500. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2025 unataka tuchukue hatua mapema zaidi: mililita 300 zilizopimwa, pamoja na dalili mojawapo ya hatari, kama mapigo kuzidi 100 au presha ya juu kushuka chini ya 100. Bila dalili hizo, kikomo kinabaki 500.

Kisichosaidia sentensi hiyo kiondoke. Visababishi vinne, yaani mji wa mimba kulegea, masalia ya kondo, kuchanika kwa njia ya uzazi na damu kutoganda, vitaje kwa mdomo mara moja. Havihitaji slaidi nne.

Hatua ya 2: Tunga kisa kitakachobeba mada

Kisa huwapa wasikilizaji mtu wa kumfikiria. Hiki nimekitunga kwa ajili ya darasa: mama wa miaka 27, uzao wa tatu, amejifungua salama na kondo limetoka lote.

| Dakika baada ya kujifungua | Damu (ml) | Mapigo | Presha |
|---|---|---|---|
| 0 | 120 | 86 | 118/74 |
| 15 | 250 | 98 | 114/70 |
| 30 | 380 | 112 | 108/68 |

Tazama presha ya dakika ya 30. Ukiitazama peke yake utasema mama yuko salama. Mwili wa mama mwenye afya hujitetea kwa kuongeza mapigo na kubana mishipa, kwa hiyo presha huchelewa kuporomoka. Somo lote limo kwenye mstari huo wa mwisho, na ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine.

Ukitumia mgonjwa halisi, omba kwanza ruhusa kupitia kwa msimamizi wako. Kuficha jina hakutoshi: namba ya faili, tarehe, kitanda na kijiji vikikaa pamoja, mtu anatambulika. Jihadhari pia na picha. Ukikata sura ya mgonjwa kwa Crop ndani ya PowerPoint, sehemu uliyoikata bado imo ndani ya faili, na yeyote utakayemtumia anaweza kuirudisha. Nenda Compress Pictures, weka alama kwenye Delete cropped areas of pictures, ndipo uhifadhi. Afadhali zaidi ni kutumia mchoro.

Hatua ya 3: Slaidi sita, kila moja na kauli yake

Kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili inayosema jambo. Slaidi niliyozoea kuletewa ina kichwa "DALILI", na chini yake nukta tisa: kizunguzungu, ngozi baridi, kiu, mapigo kwenda mbio, na kadhalika. Msikilizaji anaanza kusoma, wewe unaanza kusema, na hakuna kinachoingia. Hiyo hiyo nimeifanya hivi:

```
Presha bado nzuri, lakini mapigo yamepita 100

[grafu: mapigo 86 -> 98 -> 112]
[mstari wa kikomo kwenye 100]

Damu:   120 ml    250 ml    380 ml
Presha: 118/74    114/70    108/68
```

Grafu ichore kwa Insert > Chart > Line, na iwe na mstari wa mapigo tu pamoja na ule wa kikomo. Ukiongeza presha na damu kwenye grafu hiyo hiyo, macho hayatajua yafuate nini. Namba zake zinatosha chini.

Slaidi nyingine ni hizi: kisa, kwa nini kukadiria damu kwa macho kunadanganya, pamoja na mchoro wa mfuko wa plastiki wenye vipimo unaowekwa chini ya makalio ya mama, kikomo kipya, matibabu, na ile sentensi yako moja, ibaki ukutani wakati wa maswali.

Slaidi ya matibabu ndiyo hujaa kuliko zote. Andika vitendo vitano tu: kusugua mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kukagua njia ya uzazi na kuita msaada. Sisitiza kwa mdomo kwamba vinafanywa pamoja, hakuna kungoja kimoja kishindwe. Hapo taja utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023: kupima damu kwa mfuko huo na kutoa huduma hizi kwa pamoja kulipunguza kwa asilimia 60 jumla ya uvujaji mkubwa, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya kuvuja damu, na vifo.

Maandishi yasipungue ukubwa wa 28, meusi au bluu iliyokoza juu ya nyeupe. Vyumba vyetu vina madirisha makubwa, na projekta iliyochoka hufuta njano na kijivu kabisa. Mwonyeshe mwenzako slaidi kwa sekunde tano, uifiche, umuulize imesema nini. Akitaja neno moja tu, kichwa chako bado hakijasema jambo.

Hatua ya 4: Gawa dakika, kisha sema kwa sauti

Kisa dakika 1, kukadiria damu 2, grafu na kikomo 3, matibabu 3, kufunga 1. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, simu ikihesabu, ukisema kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo huenda haraka na hukudanganya. Ukizidi muda, kata jambo zima badala ya kuongeza kasi. Mimi ningekata kwenye kukadiria damu, kamwe si kwenye matibabu.

Ukifika kwenye grafu, nyamaza sekunde chache waisome, halafu uliza: "Mngefanya nini sasa hivi?" Ukitaka wakutazame wewe, bonyeza herufi B na ukuta utakuwa mweusi, ibonyeze tena slaidi irudi. Hifadhi pia nakala ya PDF kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya ukumbini inaweza kuvuruga fonti.

Hatua ya 5: Jiandae kwa maswali matatu

La kwanza huwa kipimo cha dawa. Asidi ya traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. La pili: "Kituo hakina mfuko wenye vipimo, tufanyeje?" Eleza kukinga damu kwenye chombo na kuipima, kupima uzito wa vitambaa vilivyolowa na kutoa uzito wake vikiwa vikavu, ukihesabu gramu 1 kuwa karibu mililita 1, na kurudia mapigo na presha kila dakika 15. La tatu ni gumu kidogo: "Mapigo si yanaweza kupanda kwa maumivu au homa?" Kubali kwamba yanaweza. Kisha rudi kwenye jedwali: mama huyu ameshapoteza mililita 380 na damu inaendelea kutoka, kwa hiyo unaanza kumtibu huku ukitafuta sababu nyingine.