Somo: Kutambua kwa picha kiazi kilichogeuka kijani

Kiazi mviringo kikikaa kwenye mwanga hutengeneza klorofili, nayo ndiyo inayokipa rangi ya kijani. Klorofili haidhuru. Tatizo ni kwamba mwanga huohuo huongeza solanini, sumu chungu inayojikusanya kwenye ganda, chini kidogo ya ganda na kuzunguka macho ya kiazi. Kamera haipimi solanini. Inaonyesha ukijani tu, kwa hiyo rangi ya picha lazima iwe ya kweli.

1. Osha udongo wote, kisha kausha. Kiazi chenye maji hung'aa na kuficha madoa.

2. Piga picha karibu na dirisha mchana. Zima taa ya chumba, taa ya kamera na filta zote. Weka kiazi juu ya karatasi nyeupe. Hatua hii msiiruke: karatasi ikitokea ya njano pichani, ukijani hafifu umeshapotea na picha hiyo haifai.

3. Piga pande zote, kisha macho kwa karibu.

4. Kata kupitia kwenye doa na upige picha papo hapo, kwani sehemu iliyokatwa hubadilika kuwa ya waridi au kahawia ikikutana na hewa.

Tuchukue mfano. Kiazi kilichopigwa chini ya taa ya njano kinaonekana kizima. Picha ya dirishani inaonyesha doa la kijani upande mmoja, na kilipokatwa, ukijani umeishia chini kidogo ya ganda. Macho hayajachipua. Hapo menya ganda nene, ondoa kijani chote na macho, kilichobaki kinalika. Lakini ukijani ukiwa umezunguka kiazi au umeingia ndani, kitupe. Mimi sioni sababu ya kukiokoa.

Maswali ya wanachama

*Nikikichemsha sana, sumu haiishi?*
Haiishi, ndugu yangu. Solanini hustahimili joto la kupikia. Kinachosaidia ni kumenya na kukata.

*Viazi vyangu vina ganda jekundu, kijani sikioni.*
Ganda jekundu hukificha. Kwaruza ganda kidogo kwa kisu kabla ya kupiga picha, au nenda moja kwa moja hatua ya 4.

*Picha haina kijani hata kidogo. Nile bila wasiwasi?*
Hapana, dada. Solanini huweza kuongezeka bila ukijani, hasa kwenye kiazi kilichopondeka au kuchipua. Tena picha haitoi harufu wala haionyeshi ulaini. Kiazi kinachonuka au kilichonyauka na kujaa machipukizi kitupe. Kikiwa kichungu mdomoni au kikiunguza koo, tema na uache chakula hicho. Aliyekula kisha akatapika, akaumwa tumbo au kuharisha aende kwa daktari bila kusubiri jibu la picha.